Mpaka wa Miezi Kumi na Miwili: Hesabu ya Pumzi, Kipimo cha Amoksilini na Lugha ya Chati ya Nimonia ya Watoto

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mhudumu wa afya ya jamii anavyotambua nimonia kwa mtoto aliye chini ya miaka 5 kwa kuhesabu pumzi, anavyochagua idadi ya vidonge vya amoksilini vya kuyeyushwa kwa kufuata umri, na anavyoamua mtoto yupi apelekwe kituoni bila kuchelewa. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kazi hii umejikusanya mahali pamoja, yaani siku mtoto anapotimiza miezi 12. Siku hiyo kiwango cha pumzi kinashuka na kipimo cha dawa kinaongezeka maradufu. Chati ya Kiswahili inayotumia neno "hadi" mahali hapo huacha mlango wazi kwa usomaji wa namna mbili, na kila usomaji una matokeo yake kwa mtoto. Makala inapendekeza kitenzi "timiza" kichukue nafasi ya "hadi", na inaonesha kwa mfano uliokokotolewa kwa nini badiliko hilo dogo lina uzito.

Utangulizi

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda nalo likaidhinisha hatua kama hiyo. Mashariki mwa Kongo na katika miji ya Burundi, Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya soko na ya zahanati kabla ya sheria yoyote kukitaja. Mazingira haya yanaleta kazi ambayo wanaisimu hawajaipa nafasi ya kutosha katika mikutano yetu. Kazi hiyo ni kuandika kwa Kiswahili nyaraka za huduma ambazo hadi sasa zimetungwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na ambazo kosa la neno moja ndani yake hugeuka kuwa kosa la dawa.

Waraka unaojadiliwa hapa ni chati ya nimonia katika mpango wa kumhudumia mtoto mgonjwa kwenye jamii, ambao miongozo yake ya msingi iliandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF. Katika mpango huo mhudumu aliyechaguliwa na kijiji chake na kupewa mafunzo mafupi hutibu kuhara, malaria na nimonia kwa watoto waliotimiza miezi 2 lakini hawajatimiza miaka 5. Hana stetoskopu wala picha ya eksirei. Ana kifaa cha kupimia dakika, chati, utepe wa kupima mkono na akiba ya vidonge.

Katika lugha ya kila siku ugonjwa huu huitwa homa ya mapafu, na wengine huuita kichomi. Makala hii inatumia neno "nimonia" kwa sababu ya kivitendo: si kila mtoto mwenye nimonia ana homa, na neno "kichomi" kwa wasemaji wengi ni maumivu ya ubavuni, dalili ambayo mtoto wa miezi 7 hawezi kuieleza.

Pumzi katika dakika moja kamili

Mapafu yenye uambukizo hujaa majimaji na kupoteza ulaini wake. Mtoto hawezi tena kuvuta pumzi ndefu bila taabu, hivyo hufidia kwa kuvuta pumzi fupi nyingi. Hiyo ndiyo sababu kasi ya upumuaji inaweza kusimama mahali pa eksirei pale ambapo eksirei haipo. Wazo hili lilipata msingi wa kisayansi kwa kazi ya daktari Frank Shann na wenzake nchini Papua New Guinea, waliochapisha matokeo yao mwaka 1984 na kuonesha kwamba kasi ya pumzi huweza kumwelekeza mhudumu asiye na vifaa. Baadaye viwango vikatenganishwa kwa umri, kwa kuwa mtoto mchanga hata akiwa mzima hupumua haraka kuliko mtoto mkubwa.

Viwango vinavyotumika leo ni vitatu. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 2, pumzi zikifika 60 kwa dakika ni za haraka. Kwa aliyetimiza miezi 2 lakini hajatimiza miezi 12, ni zikifika 50. Kwa aliyetimiza miezi 12 lakini hajatimiza miaka 5, ni zikifika 40. Mtoto wa kundi la kwanza hatibiwi na mhudumu wa kijiji hata kidogo. Akionekana mgonjwa hupelekwa kituoni, na huko hesabu ikifika 60 hurudiwa mara ya pili, maana upumuaji wa mtoto mchanga hukatika na kuanza bila mpangilio.

Maneno "zikifika 50" yamechaguliwa kwa makusudi. Tafsiri nyepesi husema "zaidi ya 50", na msomaji makini wa Kiswahili ataelewa, kwa haki kabisa, kwamba 50 yenyewe haimo. Lakini imo. Mtoto wa miezi 9 aliyehesabiwa pumzi 50 ana nimonia kwa mujibu wa chati. Usemi "50 au zaidi" ni sahihi pia, ila katika kusomwa kwa haraka au kukaririwa kwa kinywa, neno "au" humezwa na linalobaki masikioni ni "zaidi".

Namna ya kuhesabu inaonekana rahisi mpaka mtu ajaribu. Mtoto awe ametulia mapajani mwa mlezi, halii, hanyonyi wala hali. Nguo ipandishwe mpaka kifua na tumbo vionekane. Mhudumu huchagua sehemu moja ya mwili, aidha tumbo au kifua cha chini, na kuitazama bila kuhama. Kupanda na kushuka kwa sehemu hiyo ni pumzi moja. Mhudumu anayehesabu kupanda kuwa moja na kushuka kuwa mbili atapata hesabu iliyozidi maradufu, na kila mtoto atakayemwona atakuwa na nimonia. Neno "pumzi" lenyewe halimkingi na kosa hili, kwa kuwa tunasema "kuvuta pumzi" na "kutoa pumzi" kana kwamba ni pumzi mbili. Chati bora iseme wazi: kuvuta na kutoa kwa pamoja ni pumzi moja.

Muda uwe sekunde 60 kamili. Kifaa cha kuhesabia pumzi ambacho UNICEF ilikisambaza kwa miaka mingi hulia mara mbili, baada ya sekunde 30 na baada ya sekunde 60. Mlio wa kwanza ni kishawishi. Mhudumu mwenye foleni husimama hapo, akazidisha hesabu kwa mbili na kuendelea. Tatizo ni kwamba kosa lake nalo huzidishwa. Aliyehesabu 24 katika nusu dakika atapata 48. Aliyehesabu 25 atapata 50. Pumzi moja iliyokosewa, kwa sababu ya mtoto kujinyoosha au mhudumu kupepesa macho, ndiyo inayotenga mtoto wa miezi 8 asiye na nimonia na mwenye nimonia. Aidha, watoto hupumua kwa vipindi, haraka kidogo kisha taratibu, na nusu dakika inaweza kuangukia kipindi kimoja tu. Baadhi ya miradi imewapa wahudumu shanga za kuhesabia, ambapo ushanga mmoja husogezwa kwa kila pumzi na rangi hubadilika kiwango kinapofikiwa. Shanga husaidia wasiozoea tarakimu, ingawa haziondoi haja ya dakika kamili wala ya kujua umri.

Lazima ikubaliwe kwamba ishara hii si ya uhakika. Mtoto mwenye homa kali ya malaria hupumua haraka, na mtoto mwenye pumu vilevile. Nimonia nyingine husababishwa na virusi ambavyo amoksilini haivigusi. Ndiyo maana mhudumu hupima pia malaria kwa kipimo cha haraka mtoto akiwa na homa, na akikuta yote mawili huyatibu yote mawili. Chati inakubali kutibu baadhi ya watoto wasiohitaji dawa ili isimkose anayeihitaji. Mshauri wa sera anayehofia usugu wa dawa ana haki ya kuhofia. Hata hivyo, njia ya kupunguza matumizi yasiyo ya lazima katika ngazi hii ni kuboresha hesabu, maana mhudumu asiyehesabu vizuri hugawa dawa kwa kila mwenye kikohozi.

Siku ambayo mambo mawili hubadilika

Sasa tufike kwenye mpaka wenyewe. Katika chati ya jamii, amoksilini ya kidonge cha miligramu 250 hutolewa hivi. Mtoto aliyetimiza miezi 2 lakini hajatimiza miezi 12 hupewa kidonge 1 asubuhi na kidonge 1 jioni kwa siku 5, jumla vidonge 10. Mtoto aliyetimiza miezi 12 lakini hajatimiza miaka 5 hupewa vidonge 2 asubuhi na vidonge 2 jioni kwa siku 5, jumla vidonge 20. Kwa hiyo siku mtoto anapotimiza miezi 12, kiwango cha pumzi kinashuka kutoka 50 hadi 40, na dawa inapanda kutoka kidonge 1 hadi 2. Hakuna siku nyingine katika maisha ya mtoto huyu ambapo chati inageuka kiasi hicho.

Chati zetu za Kiswahili huandika nini mahali hapo? Mtindo uliozoeleka ni safu mbili: "miezi 2 hadi 12" na "miezi 12 hadi miaka 5". Katika Kiswahili "hadi" kwa kawaida hujumuisha kikomo. Tangazo likisema ofisi hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, hakuna anayedhani Ijumaa imefungwa. Kwa kanuni hiyohiyo mtoto wa miezi 12 yumo katika safu zote mbili, na mhudumu anayesoma kutoka juu kwenda chini atamweka katika ya kwanza, kwa sababu ndiyo anayoifikia mapema. Neno "mpaka" lina utata uleule. Usemi "chini ya miezi 12" ni salama zaidi, lakini huacha safu ya pili ikianza na "miezi 12 na zaidi", na tatizo la "na zaidi" tumekwisha kuliona.

Tukokotoe mfano wa kubuni. Mama anamleta mtoto mwenye kikohozi tarehe 16 Machi 2024. Kadi ya kliniki inaonesha mtoto alizaliwa tarehe 14 Machi 2023. Ametimiza miezi 12, na siku 2 juu yake. Hana dalili yoyote ya hatari. Mhudumu anahesabu kwa dakika kamili na kupata pumzi 46.

Mhudumu anayeisoma "hadi" kama tangazo la ofisi anaandika "miezi 12", anamweka mtoto katika safu ya kwanza, analinganisha 46 na 50, na kumrudisha nyumbani kwa ushauri wa kumpa vinywaji. Kwa mujibu wa mwongozo mtoto huyu ana nimonia. Sasa tuchukulie pumzi zilikuwa 54. Katika safu yoyote atapata amoksilini, kwa hiyo kosa halionekani. Lakini atapewa vidonge 10 badala ya 20. Kama ana kilo 10, kila dozi itampa miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito, ilhali kiwango kinacholengwa na Shirika la Afya Duniani tangu marekebisho ya mwaka 2014 ni takriban miligramu 40 kwa kilo kwa dozi, mara mbili kwa siku. Kosa la kwanza huweza kujitokeza mama akirudi na mtoto aliyezidiwa. La pili hujificha ndani ya daftari linaloonesha kwamba mtoto alitibiwa.

Upande mwingine wa mpaka nao una hatari zake, ingawa ni ndogo kuliko hizo. Mtoto huyohuyo angeletwa tarehe 6 Machi, siku 8 kabla ya kutimiza, mama angesema "ana mwaka", kwani ndivyo wazazi wengi wasemavyo mtoto anapokaribia. Mhudumu asiyeangalia kadi angemtibu nimonia kwa pumzi 46 na kumpa vidonge 20. Kwa uzito wa kilo 8, dozi ya miligramu 500 ni takriban miligramu 62 kwa kilo. Amoksilini ina nafasi kubwa ya usalama, na mtoto wa kilo 4 anayepewa kidonge 1 hufikia kiwango hichohicho bila chati kumzuia. Tofauti hii ya uzito wa makosa inafaa kuzingatiwa na watungaji: lugha inayomsukuma mtoto wa mpakani kuelekea safu ya chini inadhuru kuliko inayomsukuma kuelekea ya juu.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kuliko "hadi" na kuliko tafsiri yoyote ya neno kwa neno. Kitenzi hicho ni "timiza". Mzazi hutumia kauli hiyo bila kufundishwa: mtoto ametimiza mwaka, au hajatimiza. Hakuna hali ya tatu. Safu za chati zikiandikwa "hajatimiza miezi 12" na "ametimiza miezi 12, hajatimiza miaka 5", mtoto wa tarehe 14 Machi hana mahali pawili pa kukaa. Swali la mhudumu kwa mama nalo hubadilika. Badala ya "Mtoto ana umri gani?", ambalo hujibiwa kwa kukadiria, atauliza "Mtoto ameshatimiza mwaka?", kisha ataomba kadi. Pasipo kadi, mama atakumbushwa kwa sikukuu, msimu wa kupanda au kuzaliwa kwa mtoto wa jirani.

Ugumu wa lugha haukomi kwenye umri. "Vidonge 2 asubuhi na jioni" inaweza kusomwa kuwa viwili kwa siku nzima, kimoja kila wakati. Mazoea ya dukani ya kusema "mbili mara mbili" yanaeleweka kwa muuza dawa, na yanamwacha mlezi akipiga hesabu njiani. Afadhali maneno yarudiwe: vidonge 2 asubuhi, vidonge 2 jioni. Saa nazo ziandikwe kwa Kiswahili, saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Chati iliyonakili "saa 7" kutoka waraka wa Kiingereza humwamuru msomaji wa Kiswahili ampe mtoto dawa mchana.

Kundi la tatu, na swali kwa watunga sera

Mtafiti atakayelinganisha chati ya jamii na ile ya kituo cha afya atakuta hazifanani. Chati ya kituo iliyorekebishwa mwaka 2014 ina makundi matatu: kidonge 1 kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, vidonge 2 kwa aliyetimiza miezi 12 lakini hajatimiza miaka 3, na vidonge 3 kwa aliyetimiza miaka 3 lakini hajatimiza miaka 5, kila mara asubuhi na tena jioni. Kituo kina mizani, na makundi hayo yameambatanishwa na uzito: kilo 4 mpaka chini ya 10, kilo 10 mpaka chini ya 14, na kilo 14 mpaka 19.

Mtoto wa miaka 3 na miezi 4 mwenye kilo 15 atapata kijijini miligramu 500 kwa dozi, sawa na miligramu 33 kwa kilo. Kituoni atapata miligramu 750, sawa na 50 kwa kilo. Mwenzake wa kilo 19 kijijini atapata 26 tu. Mama aliyepewa vidonge 2 na mhudumu, kisha akapewa 3 na muuguzi wa kituo, atahitimisha kwamba mmoja wao hajui kazi yake, na mara nyingi lawama itamwangukia mhudumu.

Makundi mawili yana utetezi wake. Ni rahisi kukumbuka na ni rahisi kuagizia akiba. Lakini kwa maoni yangu sababu ya urahisi imepungua nguvu pale ambapo vidonge hufika vikiwa katika pakiti ndogo za vidonge 10. Kundi la kwanza ni pakiti 1, la pili pakiti 2, la tatu pakiti 3, na mhudumu hahitaji kuhesabu kidonge kimoja kimoja. Nchi inayoandika upya chati yake kwa Kiswahili ina nafasi ya kuamua jambo hili waziwazi kabla ya kuchapa, na kuhakikisha kijiji na kituo vinasema kitu kimoja. Hadi uamuzi huo ufanywe, mhudumu hufuata chati ya nchi yake, si ya jirani.

Kidonge na maji

Mwaka 2012 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Bidhaa za Kuokoa Maisha ya Wanawake na Watoto iliiweka amoksilini kati ya bidhaa 13 zilizohitaji kupewa kipaumbele. Kidonge cha kuyeyushwa kilichukua nafasi ya dawa ya maji kwa sababu zinazoeleweka na yeyote aliyewahi kubeba chupa kwenye pikipiki. Unga wa chupa huhitaji maji safi yaliyopimwa kufikia alama, na ukishachanganywa hudumu siku chache tu, kwa kawaida kati ya 7 na 14, mara nyingi kwa sharti la kuwekwa mahali pa baridi. Kidonge hukaa kikavu mpaka dakika ya kutumiwa.

Mlezi huweka kidonge katika kijiko au kikombe kidogo chenye maji safi kidogo, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na kusubiri kisambae. Kigezo cha vitabu vya dawa ni kwamba kidonge cha aina hii kisambae ndani ya dakika 3. Mtoto hunyweshwa chote mara moja. Kisha chombo husuuzwa kwa maji kidogo, na maji hayo pia hunyweshwa, maana dawa haiyeyuki kama sukari bali husambaa, na chembe zake hubaki chini. Mlezi anayejaza kikombe kizima hukosea kwa nia njema: mtoto atakunywa nusu na nusu ya dawa itabaki. Dozi ya kwanza hutolewa mbele ya mhudumu na kwa mkono wa mlezi mwenyewe. Mtoto akitapika ndani ya dakika 30, dozi hurudiwa. Siku ya tatu mhudumu humwona tena, na kama hajapata nafuu humpeleka kituoni badala ya kumwongezea vidonge.

Hapa pia neno moja linahitaji uangalifu. "Kuyeyuka" humfanya mlezi atarajie maji maangavu, na akiona maji meupe yenye chembe hudhani dawa imeharibika. Ni heri aambiwe mapema kwamba maji yatakuwa meupe.

Hawezi, hataki, amelegea

Dalili za hatari huangaliwa kabla ya kuhesabu pumzi, ingawa zinaelezwa hapa mwisho, kwa sababu zikiwepo hesabu haibadilishi uamuzi: mtoto anakwenda kituoni. Katika chati ya jamii ni pamoja na degedege, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kulala kusiko kwa kawaida au kupoteza fahamu, na kifua cha chini kuingia ndani. Huongezwa pia kikohozi cha siku 14 au zaidi, homa ya siku 7 au zaidi, utepe wa mkono ukionesha nyekundu na uvimbe wa nyayo zote mbili.

Degedege linafahamika. Dalili nyingine zina mitego. Mama husema "hataki kunyonya", na sentensi hiyo hubeba maana mbili zilizo mbali: mtoto anayekataa kwa sababu pua imeziba, na mtoto asiye na nguvu ya kumeza. Mhudumu haamui kwa maneno. Humwomba mama amnyonyeshe au ampe maji hapo hapo, na hutazama kama anameza. Pua ikiwa imeziba husafishwa kwanza, kisha jaribio hurudiwa. Vivyo hivyo "anatapika" si "anatapika kila kitu". Mtoto aliyetapika mara mbili tangu asubuhi lakini amebakiza uji hana dalili hii. "Analala sana" nako hakutoshi. Kinachotafutwa ni mtoto asiyeamka akiguswa, au anayefungua macho bila kumfuata mama kwa kumtazama. Neno "amelegea" linafaa zaidi, mradi lifafanuliwe kwa vitendo hivyo.

Dalili inayohitaji jicho lililofundishwa ni ya kifua. Kwa kawaida mtoto avutapo pumzi, kifua na tumbo hutoka nje. Katika dalili hii sehemu ya chini ya kifua, kwenye mbavu za mwisho, huingia ndani wakati huohuo. Iwe inaonekana kila pumzi na mtoto ametulia. Kuingia kwa ngozi kati ya mbavu peke yake hakuhesabiwi, wala kunakoonekana akilia. Baadhi ya wasemaji huiita "kifua kubana", lakini kubana ni hisia ya mgonjwa, na mhudumu hawezi kuiona. "Kifua cha chini kuingia ndani avutapo pumzi" ni maneno mengi, na kila moja linahitajika.

Mshauri wa sera anaweza kushangaa kwamba tangu mwaka 2014 mwongozo wa kituo unaruhusu mtoto mwenye dalili hii ya kifua, asiye na dalili nyingine ya hatari, atibiwe kwa amoksilini ya kunywa bila kulazwa, huku chati ya jamii ikiendelea kumpa rufaa. Hakuna mkanganyiko. Kituoni kuna mtu anayeweza kumchunguza zaidi na kutambua anayehitaji kulazwa, na kijijini hayupo. Nyaraka mbili zikitafsiriwa na watu wawili wasiozungumza, hata hivyo, sentensi ya kituo inaweza kuhamia chati ya kijiji, na mtoto aliyestahili gari akabaki nyumbani.

Mtoto anayepelekwa kituoni kwa kifua kinachoingia ndani au pumzi za haraka pamoja na dalili ya hatari, na anayeweza kumeza, hupewa dozi ya kwanza ya amoksilini kabla ya kuondoka: kidonge 1 ikiwa hajatimiza miezi 12, vidonge 2 ikiwa ametimiza. Aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza hapewi chochote kwa mdomo. Mama huendelea kunyonyesha njiani na kumfunika mtoto asipate baridi. Karatasi ya rufaa huandikwa tarehe ya kuzaliwa, hesabu ya pumzi, dalili iliyoonekana, idadi ya vidonge vilivyotolewa na saa vilipotolewa, ili muuguzi wa kituo ajue dozi inayofuata ni ya jioni hiyo au ya kesho asubuhi.